Iliki Hutangulia, Karafuu Hufuata kwa Mbali

Ukitaka kumjua mpishi wa halua kabla halua yake haijaiva, mtazame anavyoishika iliki. Yuko anayefungua pakiti ya unga uliosagwa siku asiyoijua, akachota kijiko na kumimina. Na yuko anayekaa juu ya mkeka na kisahani cha iliki nzima, akazimenya moja moja kwa ukucha, wakati sufuria bado haijapandishwa jikoni. Shangazi yangu, anayepika halua, vileja na kaimati za shughuli mtaani kwetu huku Ng'ambo, mjini Unguja, ni wa namna hii ya pili. Nimekaa naye sana, nikamtazama na kuuliza, na ninayoyaandika hapa nimeyapata kwenye kinu chake. Viungo vya utamu anavyovisaga mwenyewe ni vinne: iliki, mdalasini, karafuu na kungumanga. Kila kimoja ana namna yake ya kukisaga, na kila kimoja ana kiasi chake ambacho hakivuki.

Tuanze na iliki, kwa kuwa ndiyo inayoongoza karibu vitamu vyote vya pwani. Ganda lake lina vyumba vitatu, na ndani yake mna punje kama kumi na tano hadi ishirini, zimeshikana, zimefunikwa na utando mwembamba wenye utamu kidogo. Harufu tunayoitaka imo kwenye mafuta yaliyo ndani ya punje. Ganda lenyewe ni nyuzi kavu, na kazi yake ni kuyalinda mafuta hayo yasipate hewa. Kwa uzito, ganda ni karibu theluthi ya iliki nzima, kwa hiyo anayesaga iliki pamoja na ganda lake amejaza theluthi ya kijiko kwa kitu kisicho na harufu ya maana, tena kinachoipa halua chengachenga za kijivu na kukwaruza ulimi.

Mafuta ya iliki huruka. Punje ikiwa nzima ndani ya ganda, mahali pakavu na pasipo jua, hukaa mwaka na zaidi ikiwa bado na nguvu. Ikishapondwa, vijumba vidogo vilivyoyashika mafuta hupasuka, na tangu hapo kila saa inapunguza kitu. Kinachotangulia kuondoka ni ule ubaridi mkali unaopanda puani, unaofanana na kafuri. Harufu ya maua hubaki kwa muda, kisha nayo hufifia, na mwisho hubaki unga wenye uchungu mdogo na harufu ya mbao. Mpishi mwenye unga wa namna hiyo huongeza kijiko cha pili na cha tatu akiitafuta harufu, na uchungu ndio unaozidi. Ndiyo maana halua inaweza kuwa na iliki nyingi na bado ikakosa harufu ya iliki. Shangazi alinieleza jambo hili kwa maneno machache: "Mwanangu, iliki ya zamani haitaki kuongezwa. Inataka kutupwa."

Sokoni Darajani humwoni akichagua iliki kwa rangi ya ganda peke yake. Ganda la kijani ni dalili njema, maana linaonyesha iliki imekaushwa kwa uangalifu na haikuunguzwa na jua, lakini ganda zuri linaweza kuficha punje changa. Anachukua moja, analipasua ganda na kuzitoa punje kwenye kiganja. Zikiwa nyeusi au za hudhurungi iliyokoza, zina unyevunyevu na zinashikana, hiyo ni iliki iliyokomaa na bado mpya. Zikiwa za rangi ya maziwa, ilichumwa mapema. Zikiwa kavu, za kijivu, na zinachezacheza ndani ya ganda ukiitikisa, imekaa ghalani mno. Kisha anatafuna punje moja tu: ubaridi uje kwanza, utamu ufuate. Iliki ya kwetu Tanzania hutoka sana kwenye milima yenye mvua na kivuli, kama Amani huko Usambara Mashariki na milima ya Uluguru, Morogoro. Nyingine madukani inatoka mbali, maana nchi inayozalisha iliki nyingi kuliko zote sasa ni Gwatemala. Shangazi hajali imetoka wapi madhali imefaulu mtihani wa kiganja.

Kuzimenya kuna mbinu yake. Iliki iliyopata unyevu hunata, na ganda hukataa kuachia punje. Yeye huziweka juu ya sinia la bati juani kwa nusu saa, au kwenye kikaango kilichopashwa kisha kuepuliwa motoni, ili ganda lisinyae na kuwa jepesi kuvunjika. Hazikaangi. Ukiisikia harufu ya iliki jikoni kabla hujaitwanga, harufu hiyo ndiyo iliyokuwa iingie kwenye halua. Kisha anagonga kila moja mara moja kwa kichwa cha mchi, ganda linapasuka, na punje zinaanguka. Anaziweka kwenye ungo mdogo na kupepeta polepole mpaka vipande vya ganda vitoke. Maganda hayatupi, nitayarudia.

Kinu chake ni cha shaba, kizito, mdomo mwembamba na tumbo pana kidogo, kiasi kwamba punje hazirukiruki nje. Kabla ya kutwanga anatia kijiko kimoja cha sukari kwenye punje. Sukari hiyo anaitoa kwenye ile ile iliyopimwa kwa halua, hivyo utamu haubadiliki. Chembe za sukari ni ngumu na zina kona, zinasugua punje pale ambapo mchi peke yake ungezitelezesha. Zaidi ya hapo zinayanyonya mafuta yanapotoka, badala ya mafuta kubaki yamepakwa kwenye ukuta wa kinu. Anatwanga kwa mapigo mafupi mwanzoni, kisha anazungusha mchi akisaga chini ya kinu. Anachekecha kwenye kichungi chembamba, mabaki yanarudi kinuni, na ule utwangaji wa pili ndio unaoleta unga laini hasa. Nilimwuliza kwa nini asitumie blenda. Alisema huitumia anapopikia shughuli kubwa, lakini kwa vipindi vifupi vifupi, huku akigusa chombo kwa mkono, kwa sababu visu vikizunguka mfululizo hupata moto, na mafuta ya iliki hayataki moto kabla ya wakati wake. Tena kwa kiasi kidogo, punje za iliki ishirini na tano kwa mfano, visu vya blenda huzirusha tu ukutani na kuziacha nusu nzima.

Mdalasini ni kazi nyingine kabisa. Gome lake ni mti, na linasagika kwa tabu. Hapa jambo la kwanza ni kujua ni mdalasini gani. Mdalasini unaolimwa Zanzibar, ule wa asili ya Silani, ukikaushwa gome lake huwa jembamba kama karatasi, tabaka juu ya tabaka, na unavunjika kwa vidole. Harufu yake ni ya utamu, haichomi. Gome nene la tabaka moja, gumu kama ubao, lililojikunja pande zote mbili, ni la jamaa yake, kasia, linaloletwa kutoka China, Vietinamu na Indonesia. Hilo ni kali na lina joto zaidi mdomoni, na si baya kwa pilau. Kwa vitamu, shangazi anataka ule mwembamba, na mimi nimekubaliana naye baada ya kuonja vyote viwili kwenye tambi za sukari: gome nene huifunika iliki, gome jembamba huisindikiza. Iko pia sababu ya kiafya. Kasia ina kumarini nyingi, kitu ambacho kikiliwa kwa wingi na kwa muda mrefu huweza kudhuru ini, wakati ule wa Silani unayo kidogo mno.

Gome jembamba analivunja vipande vidogo kama kucha, analipasha joto kidogo likauke, analitwanga likiwa bado vuguvugu. Baadaye anachekecha, na hapa haoni haya kutupa mabaki. Mdalasini usiosagika hautalainika ndani ya kitamu hata ukichemka saa nzima, na chembe yake moja ikiwa kwenye biskuti laini, mlaji hudhani ni chembe ya mchanga. Jambo jema la mdalasini ni kwamba unga wake hukaa. Ukiufungia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, miezi kadhaa bado una nguvu. Kwa hiyo kama huna nafasi ya kusaga vyote siku ya kupika, mdalasini ndio wa kusaga mapema. Iliki ndiyo ya kungojea mpaka dakika ya mwisho.

Karafuu ndiyo yetu, na labda kwa sababu hiyo watu huidharau. Pemba ndiko inakotoka nyingi ya karafuu ya visiwa hivi, hasa tangu kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ile ya Pemba. Ni tumba la ua lisilofunguka, linalochumwa kwa mkono, kuchambuliwa makonyo na kuanikwa juu ya majamvi mpaka libaki kama theluthi ya uzito wake. Mafuta yake ya harufu ni mengi kuliko ya kiungo kingine chochote kati ya hivi vinne: yanaweza kufika asilimia kumi na tano hadi ishirini ya uzito wa tumba, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, ile inayotia ganzi ufizi unapoumwa jino. Kitu chenye nguvu ya kutia ganzi jino hakitiwi kwenye kitamu kwa kijiko.

Kuijua karafuu njema ni rahisi. Ibane shina kwa ukucha: mafuta yatokeze. Au itie kwenye gilasi ya maji: yenye uzito itazama au itasimama wima kichwa juu, na ile iliyokamuliwa au iliyochakaa italala na kuelea. Kwa vitamu, shangazi anafanya jambo ambalo sikuliona kwa mwingine. Anavunja kile kijipira kidogo cha kichwani na kukiweka kando, anatwanga shina peke yake. Anasema kichwa hutoa vumbi jepesi linaloweka madoa, na kwa kweli ukikisugua kijipira hicho kati ya vidole kinageuka unga papo hapo, wakati shina ndilo lenye mafuta ya kutosha. Kwa kiasi kidogo kama anachotumia, tofauti kwenye ladha ni ndogo, lakini kwenye biskuti nyeupe tofauti ya macho ipo.

Karafuu hutwangwa ya mwisho. Harufu yake inashika kinu, na iliki itakayofuata itakuwa na karafuu hata kama hukukusudia. Baada yake anatwanga konzi ya mchele mkavu, anaumwaga, anarudia mara moja, na kinu kinakuwa tayari kwa siku nyingine. Hatumii sabuni. Na kama una mashine yenye chombo cha plastiki, usisagie karafuu humo: mafuta yake huula ukuta wa plastiki ukafifia na kuwa na ukungu, na harufu haitoki tena.

Kungumanga haiingii kinuni. Ni kokwa ngumu yenye mafuta mengi, ukiitwanga hushikana ikawa kama nta na kubaki chini ya kinu. Inakwaruzwa, tena wakati ule ule inapohitajika, juu ya kikwaruzio chenye matundu madogo kabisa. Inunue nzima, na kama unaipata ikiwa bado ndani ya gamba lake gumu jeusi, bora zaidi: ukiitikisa na ikagonga ndani, imekauka. Ukiivunja gamba na kuikata kwa kisu, uso wake uwe na michirizi ya kahawia kama mishipa, na ubonyezapo kwa ukucha ung'ae mafuta. Ikiwa na tundu, wadudu wameshaingia na ndani ni vumbi. Ile nyavu nyekundu inayoizunguka inapokuwa mbichi ni basibasi, kiungo cha peke yake chenye harufu laini zaidi. Shangazi akiipata huitia kipande kimoja kwenye maziwa ya tambi na kukitoa kabla ya kupakua.

Sasa kiasi, na tuchukue halua ya nyumbani ya kilo moja ya sukari, inayotosha sinia moja la wageni. Vipimo vyake ni hivi: sukari kilo moja, wanga robo kilo, maji lita mbili, samli robo kilo na kidogo zaidi, zafarani ya kubana kwa vidole iliyorowekwa kwenye arki ya waridi. Kwa kiasi hicho anahesabu iliki ishirini na tano. Nilizipima kwenye mizani ya jikoni: nzima zilikuwa kama gramu tano, na punje zake zilipomenywa zilibaki gramu tatu na nusu. Zikishasagwa ni karibu vijiko viwili vya chai, vilivyokatwa sawa kwa kisu. Kungumanga ni robo ya kokwa, yaani takriban nusu kijiko cha chai na ziada kidogo. Mdalasini hautii. Karafuu haitii. Nilimwuliza kama halua haiwezi kubeba hata karafuu moja, akanijibu, "Halua ina samli, zafarani, arki na iliki. Wanatosha hao kwenye nyumba moja."

Halua huiva kwa kukoroga muda mrefu, saa nzima na zaidi, mwiko ukikwangua chini bila kupumzika. Mpishi asiyejua hutia iliki pamoja na sukari mwanzoni, na jirani wote hufurahia harufu inayotoka dirishani huku sufuria ikibaki bila harufu. Mafuta ya viungo hivi hupanda na mvuke wa maji. Tena hayachanganyiki vizuri na maji, yanachanganyika na mafuta. Mambo haya mawili ndiyo yanayoeleza anachokifanya. Anatenga vijiko vitatu vya samli tangu mwanzo. Halua inapoanza kuachia sufuria, ikizunguka na mwiko kama bonge moja na samli ikitoa jasho pembeni, anaiyeyusha samli aliyoitenga kwenye kikombe, moto mdogo, anaiepua, na humo ndimo anamotia unga wa iliki na kungumanga aliyoikwaruza sasa hivi. Anakoroga mpaka samli ipate rangi ya mchanga. Anaimimina kwenye halua pamoja na arki, anakoroga dakika tatu au nne za mwisho, na anaepua. Samli imeshaibeba harufu, na harufu haina haja ya kuruka.

Haonji ikiwa moto ili kuamua kama iliki imetosha. Halua ya moto hutoa harufu kubwa kuliko itakayokuwa nayo, na sukari ya moto huunguza ulimi hata usitambue uchungu. Anadondosha kijiko kimoja kwenye kisahani, anakingoja kipoe kabisa, kisha anakila. Hata hapo anajua kuwa kesho itakuwa tofauti, maana kwa usiku mmoja harufu huenea ndani ya samli na ule ukali wa mwanzo hutulia. Kwa hiyo kama leo iliki inasikika sawasawa tu, kesho utaiona imepungua kidogo. Akionja leo na kuikuta imezidi nukta moja, anaridhika.

Kungumanga ndiyo asiyoiruhusu kuzidi kwa vyovyote. Robo ya kokwa kwa sinia zima linaloliwa na watu wengi ni jambo la ladha tu. Kokwa nzima ina gramu tano hivi au zaidi, na kiasi hicho kikiliwa na mtu mmoja huweza kumletea kizunguzungu, kichefuchefu, moyo kwenda mbio na ulevi usiopendeza unaoendelea kwa saa nyingi. Watu wazima wa pwani wanalijua hilo, ndiyo maana kungumanga hupimwa kwa robo na watoto hawaachiwi kuichezea. Lakini hata kabla ya kufika huko, kungumanga iliyozidi hujitambulisha kwa uchungu wa nyuma ya ulimi na harufu nzito inayoifanya halua ionekane kuukuu.

Vileja vinataka hesabu nyingine. Kwa unga wa mchele nusu kilo, sukari robo, samli robo na mayai manne, anatia iliki kumi tu, na hapo hatumii kiungo kingine ila arki. Ukilinganisha na halua utaona iliki ni nyingi kwa kila kilo ya sukari, na sababu ni tanuri. Kileja ni kidogo na chembamba, joto linakizunguka pande zote kwa dakika kama ishirini, na sehemu ya harufu huondoka nalo. Hapa iliki huingia mwanzo, wakati samli na sukari zinapigwa pamoja, kabla ya yai na kabla ya unga, ili mafuta yake yashikwe na samli. Ukiitia kwenye unga mkavu, utapata kileja kimoja chenye iliki na kingine kisicho nayo.

Mdalasini na karafuu hupata nafasi yao kwenye kaimati, kwa njia ya shira. Kwa sukari nusu kilo na maji kikombe kimoja na nusu, anatia kijiti kimoja cha mdalasini chenye urefu wa kidole, karafuu tatu nzima, na iliki sita zilizopasuliwa na maganda yake. Hakuna kinachosagwa. Unga ungeitia shira matope, na kaimati ingetoka na vumbi la kahawia. Vinachemka pamoja mpaka shira ivute uzi, kisha karafuu zinatolewa kwa kijiko. Zikiachwa humo usiku kucha, shira ya asubuhi huwa na ladha ya dawa ya meno. Mdalasini unaweza kubaki.

Na kama ni biskuti za Idi au mkate wa viungo, ambako vyote vinne husagwa na kukutana, mizani yake kwa unga nusu kilo ni hii: iliki iliyosagwa kijiko kimoja cha chai, ambayo ni kama kumi na mbili hadi kumi na tano, mdalasini robo tatu ya kijiko, kungumanga robo ya kijiko, na karafuu tatu, zilizosagwa zikatoa moja ya nane ya kijiko, kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kisu. Iliki isikike ya kwanza, mdalasini uipe joto, kungumanga ikae chini, na karafuu isitajike kabisa. Mlaji akisema "kuna karafuu humu", karafuu imezidi. Akishindwa kuitaja lakini akaona kwamba biskuti isiyo nayo imepwaya, basi ni sawa.

Kipimo hiki kinataka viungo vya leo. Ukikitumia kwa unga wa pakiti utaona hakitoshi, na ukikizoea kiasi cha pakiti kisha siku moja ukasaga mwenyewe bila kupunguza, utapika kitamu kisicholika. Anayehama kutoka pakiti kwenda kinuni aanze kwa nusu ya kiasi alichozoea, aonje ikiwa imepoa, aongeze siku ya pili.

Kuna makosa yanayorekebishika na yasiyorekebishika. Iliki iliyozidi kwenye halua ambayo bado iko motoni hupunguzwa kwa kuongeza ujazo: pika wanga na sukari kidogo pembeni kwa vipimo vile vile bila kiungo, uchanganye. Mdalasini uliozidi hutulizwa na samli. Karafuu iliyozidi haina dawa, kwa kuwa ganzi yake husikika hata ikiongezwa sukari maradufu, na njia ya kuikwepa ni kuihesabu punje kwa punje kabla haijaingia kinuni. Shangazi akipikia shughuli inayotaka vipimo hivi mara kumi, iliki huizidisha mara kumi bila wasiwasi, lakini karafuu ya biskuti huizidisha mara saba tu, kisha huonja. Ni mazoea yake ya siku nyingi, na biskuti zake ndizo zinazonifanya niyaamini.

Maganda ya iliki yaliyobaki kwenye ungo yana harufu kidogo iliyoshika kutoka kwenye punje. Yatie kwenye chupa pamoja na majani ya chai kwa wiki moja, au yachemshe na maziwa na kuyachuja. Yasiingie kwenye halua. Na utakapokwenda dukani, acha unga wa pakiti na ununue iliki nzima robo kilo, upasue moja mbele ya muuzaji, uzitazame punje kabla hujalipa.